"Kwa hiyo" isiyorejelea kitu

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko mwaka wa kwanza chuoni hapa Dar. Kwenye daftari lake la mantiki nimekuta hoja hii: "Kivuko kipo Magogoni. Kivuko hakipo Magogoni. Kwa hiyo mananasi huota juu ya minazi." Pembeni kaandika "halali". Kweli Kiswahili kinakubali "kwa hiyo" ya namna hii?* — Msomaji, Tabata

Marahaba. Kiswahili hakikubali, lakini mwanao hakukosea alipoandika "halali". Maneno hayo mawili hayadai jambo moja.

Itazame "kwa hiyo" yenyewe. "Hiyo" ni kionyeshi cha kurejelea. Ile "-o" ya mwisho humrudisha msikilizaji kwenye jambo lililokwisha kutajwa, kama tunavyosema "kalamu hiyo" kwa kalamu tuliyokuwa tukiizungumzia. Nomino yake haitamkwi, ila kila msikilizaji anaijazia mwenyewe: kwa sababu hiyo. Ukisema "Mvua imenyesha usiku kucha, kwa hiyo Jangwani hapapitiki", unaniahidi kwamba nikirudi nyuma nitaikuta mvua, na kwamba mvua ndiyo iliyoziba njia. Kwenye hoja ya kivuko nikirudi nyuma sikuti nanasi wala mnazi. "Hiyo" inanyoosha kidole mahali pasipo na kitu.

"Halali" ya mantiki ya kawaida inadai machache kuliko "kwa hiyo". Inataka tu isiwezekane kauli tangulizi zote ziwe kweli halafu hitimisho liwe uongo. Kivuko hakiwezi kuwapo Magogoni na kutokuwapo kwa wakati mmoja, kwa hiyo haitatokea siku kauli zote mbili zikawa kweli. Kama siku hiyo haipo, haipo pia siku ambayo zitakuwa kweli na mananasi yakakataa kuota minazini. Sharti limetimia kwa kukosa wa kulivunja. Ndiyo maana kauli zinazopingana hubeba hitimisho lolote utakalolitaja.

Unaweza kudhani huo ni ujanja wa fasili tu. Mwaka 1932 mwanamantiki Mmarekani C. I. Lewis alionyesha njia ya kufika huko kwa hatua ambazo kila moja inafanana na usemi wetu wa kila siku. Ngoja nizipitishe kwenye mfano wa hapa kwetu.

Chukua ghala moja la Kariakoo lenye daftari moja na makarani wawili. Karani wa asubuhi ameandika "Mzigo umefika." Wa jioni, bila kusoma juu, ameandika "Mzigo haujafika." Kuna mteja wa Mbagala anayedaiwa, na daftari halisemi lolote kuhusu malipo yake. Mtu anaketi nalo na kuanza. Anashika neno la karani wa asubuhi: mzigo umefika. Akishalipata hilo, anaongeza "au": mzigo umefika au mteja amelipa. Hakuna wa kumzuia, maana sentensi ya "au" hutosheka upande mmoja ukiwa kweli. Kisha anamgeukia karani wa jioni: mzigo haujafika. Yalikuwa mambo mawili, moja limeondoka, basi limebaki la pili. Mteja amelipa. Deni limefutwa na hakuna shilingi iliyoingia.

Anderson na Belnap, Wamarekani wawili waliotoa juzuu ya kwanza ya kazi yao kubwa juu ya suala hili mwaka 1975, waliweka kidole kwenye "au". Nami kama mtu wa lugha naona walipaweka panapostahili. Mtu akikuambia "Funguo ziko mezani au kwenye koti", hajui ziko wapi, lakini anakupa njia: ukizikosa mezani, basi katafute kwenye koti. "Au" hiyo ina "basi" tumboni mwake. Sasa mrudie yule wa ghala aliyesema "Mzigo umefika au mteja amelipa", akiwa ameijenga sentensi nzima juu ya mzigo peke yake. Mwambie mzigo haujafika. Hatakujibu "Basi mteja amelipa." Atakujibu "Basi nimekosea." "Au" yake haina njia ya kwenda upande wa pili, maana upande huo ulibandikwa tu.

Kwa hiyo hila iko kwenye kubadilisha "au" katikati ya safari. Hatua ya kuongeza inatumia "au" legevu, ambayo upande mmoja unaitosha. Hatua ya kuondoa inataka "au" iliyokaza, yenye njia kati ya pande zake. Neno ni moja, kazi ni mbili, na wewe umevushwa bila kuhisi.

Mantiki iliyojengwa kuzuia jambo hili naiita mantiki ya uhusika. Najua walimu wa fasihi wanalitumia neno "uhusika" kwa wahusika wa hadithi, lakini "mantiki ya mahusiano" ingempeleka msomaji kwenye tawi jingine kabisa. Wataalamu wake wanakubali hatua ya kuongeza na wanakataa hatua ya kuondoa pale "au" inapokuwa legevu. Gharama yake si ndogo, kwa sababu "si huyu, basi yule" ni njia tunayoitumia kila siku. Wanachojibu ni kwamba njia hiyo iko salama mahali ambapo taarifa hazipingani. Kwenye daftari lenye makarani wawili hujui kama hazipingani, na hapo ndipo inapokuingiza shimoni.

Wanaweka pia sharti: katika kauli ya "ikiwa A, basi B" inayosimama kwa mantiki tupu, lazima A na B zishiriki angalau kauli moja ndogo ndani yake. Kivuko na nanasi vinaanguka hapo hapo. Lakini kushiriki peke yake hakutoshi. Sikiliza hii: "Leo ni Jumamosi, kwa hiyo, ikiwa pweza ana mikono minane, basi leo ni Jumamosi." Mantiki ya kawaida inaipitisha. Jumamosi iko pande zote mbili, hivyo sharti la kushiriki halikuvunjwa. Ila pweza hakufanya kazi yoyote. Ungeweka bei ya nyanya mahali pake, Jumamosi ingebaki ilivyo. Hapo swali la kuuliza ni kama kauli iliyo baada ya "ikiwa" *imetumika* kufikia ile ya baada ya "basi". Kama unaweza kuing'oa na njia ikabaki nzima, "ikiwa" hiyo haikuwa na lake.

Mwambie mwanao alama ya "halali" aiache, kwani ndivyo somo lake linavyofasili neno hilo na mtihani utamtaka hivyo. Ila kwenye hoja za aina hii asiandike "kwa hiyo". Apige mstari chini ya kauli tangulizi, kisha aandike "Hitimisho:" na nukta mbili. Neno hilo linataja nafasi ya sentensi ndani ya hoja na halidai kwamba imezaliwa na zilizotangulia. "Basi" pia inaweza kumsaidia kidogo, kwa kuwa hatuitumii kuonyesha sababu peke yake. Tunafungia nayo mazungumzo ("Basi, tuondoke"), na haina kionyeshi cha kurejelea. Ila ikitanguliwa na "ikiwa", nayo inabeba ahadi ile ile, hivyo aangalie imekaa wapi.