Nembo za mama mmezipeleka wapi? Kusafisha picha ya zamani bila kubadilisha sura

"Wakuu, nina picha moja tu ya marehemu bibi mzaa mama, ya mwaka 1974, ndogo kama kiganja, na kona ya chini imeraruka. Nimeipiga kwa simu nikaipitisha kwenye programu ya akili mnemba, imetoka safi mno. Mama ameiangalia akasema nguo ni zake ila huyu siye mama yake. Mwenye makosa ni mama au ni picha? Nataka kuichapa kubwa tuiweke sebuleni."

Mwamini mama, mkuu. Yeye alibebwa mgongoni na huyo bibi. Programu uliyotumia haikuwahi kumwona. Nina studio ya picha hapa Masasi, huu ni mwaka wa kumi na mbili, na picha za marehemu huniletea wateja wengi kuliko picha za pasipoti. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, tena kwa mtu aliyenilipa.

Mwaka 2023 alikuja kijana na picha ya bibi yake, Mmakonde wa kule Newala, amesimama mbele ya pazia la studio akiwa na kanga mabegani. Mashavuni alikuwa na nembo, zile chale za Kimakonde, na juu ya mdomo alama ya tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni. Nikaipitisha kwenye programu ya simu. Ngozi ikawa nyororo, macho yakang'aa, nikafurahi, nikachapa A3 na kuitia kwenye fremu. Wiki iliyofuata kijana akarudi na shangazi yake. Yule mama hakugomba. Alipitisha kidole juu ya kioo cha fremu, pale shavuni, akauliza, "Nembo za mama mmezipeleka wapi?"

Nilipoweka picha mbili sambamba ndipo nikaona nilichopaswa kuona kabla ya kuchapa. Nembo zilikuwa zimefutwa kama mikwaruzo ya karatasi, tundu la ndonya limezibwa na mdomo umechorwa upya. Maandishi ya kanga, ambayo kwenye picha ya zamani yalisomeka kwa taabu "MGENI NJOO MWENY" kisha yakapotelea kwenye mkunjo, yalikuwa yamegeuka michoro iliyofanana na herufi lakini hakuna hata moja iliyokuwa herufi.

Sasa twende kwenye picha yako. Ikiwa karatasi ina sentimita 6 kwa 9, uso wa mtu aliyesimama una urefu wa sentimita 1 hivi. Ukiipiga kwa simu ikiwa mezani, karatasi ikachukua nusu ya fremu, kisha ikapita WhatsApp na kupunguzwa hadi pikseli 1600 upande mrefu, huo uso unabaki na pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, kama 90 kwa urefu. Jicho moja lina pikseli kama 12 kwa upana. Ndani ya pikseli 12 hakuna kope, hakuna umbo la kona ya jicho, hakuna mstari wa ukope wa juu. Lakini picha iliyokurudia ina kope za kuhesabika, siyo? Hizo ni za kubuniwa. Programu haikuzichimbua kutoka kwenye picha, maana hazikuwemo. Iliweka macho ambayo watu wengi iliofundishwa nao wanayo.

Hao watu ni akina nani ndilo swali linalotuhusu sisi hasa. Programu huria za kurudisha nyuso zinazojulikana sana, GFPGAN na CodeFormer, zilijifunza kwenye mkusanyiko uitwao FFHQ, nyuso 70,000 zilizokusanywa kutoka tovuti ya picha ya Flickr. Mkusanyiko wa namna hiyo una watu wengi wenye ngozi isiyo na alama. Chale za Kimakonde zikifika mbele yake, kitu kinachofanana nazo zaidi ni uchafu, nao kazi yake ni kuuondoa. Mwaka 2020 kulikuwa na mfano uliosambaa sana wa programu ya utafiti iitwayo PULSE: picha hafifu ya Barack Obama, ambayo mimi na wewe tungeitambua hapo hapo, ilitoka ikiwa sura ya mzungu. Na PULSE inafanya kazi kwa kutafuta uso safi ambao ukipunguzwa unarudi kuwa ile ile picha hafifu. Yaani jibu lile, kwa kipimo chake, lilikuwa sahihi. Nyuso nyingi mno zikipunguzwa zinaishia kwenye pikseli zile zile chache, na yeye alichagua mmojawapo.

Kwa hiyo kabla ya programu yoyote, rudi kwenye karatasi. Itafute skana ya mezani, hata ya stationari, ifute kioo vizuri, uskani kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, rangi, na uhifadhi kama TIFF au PNG. Uso ule ule wa sentimita 1 sasa unakuwa na pikseli 236 badala ya 90, na zote ni za bibi yako. Karatasi nzima inakuwa kama pikseli 1400 kwa 2100. Ukiichapa kwa 200 dpi unapata sentimita 18 kwa 27, karibu na A4, bila kuongeza hata nukta moja ya kubuni. Itakuwa laini kidogo ukiisogelea, lakini ukutani, ukiwa umekaa kwenye kochi, inaonekana vizuri. Wateja wangu wengi waliokuja wakitaka "kukuziwa" walichohitaji ilikuwa skani. Kama picha ilichapwa kwenye karatasi ya vinundu, iskani mara mbili, ya pili ukiwa umeizungusha nusu duara juu ya kioo, kisha uizungushe irudi na kuzichanganya mbili hizo nusu kwa nusu, kwa sababu vile vinundu vinatoa vivuli ambavyo programu ya uso huvisoma kama ngozi.

Ikiwa bado unataka kutumia akili mnemba usoni, tumia ile inayokuruhusu kuiamuru. CodeFormer ina kipimo `-w` kutoka 0 hadi 1: ukikishusha inapendezesha na kubuni zaidi, ukikipandisha inashikamana zaidi na picha uliyoipa. Mimi sasa naiendesha mara tatu kwa picha moja, na kila matokeo nayahifadhi peke yake:

```
python inference_codeformer.py -w 0.3 --bg_upsampler realesrgan --input_path bibi.png
python inference_codeformer.py -w 0.7 --bg_upsampler realesrgan --input_path bibi.png
python inference_codeformer.py -w 1.0 --bg_upsampler realesrgan --input_path bibi.png
```

Zinatoka zikiwa kubwa mara mbili ya skani, kwa hiyo zipunguze zilingane nayo. Ziweke zote tatu juu ya skani kwenye Photoshop, tabaka kwa tabaka, kisha ziwashe na kuzizima moja moja huku ukiangalia sehemu moja tu: kona za macho, kisha pua, kisha mstari wa mdomo. Panapobadilika kutoka moja hadi nyingine ni pa kubuni, bila ubishi. Lakini usije ukadhani kuwa zinapokubaliana basi ni kweli. Zote tatu zinaweza kufuta chale ile ile, kwa kuwa zimesoma darasa moja. Hapo ndipo skani inapoamua.

Kuna kipimo kingine ninachokitumia kwa picha nzima. Ipunguze iliyokuzwa irudi ukubwa wa skani, kisha toa moja kwenye nyingine. Kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa kuandika amri, kama skani yako ni 1400 kwa 2100:

```
magick kubwa.png -resize 1400x2100! ndogo.png
magick skani.png ndogo.png -compose difference -composite -auto-level tofauti.png
```

Palipo peusi hapakuguswa sana, panapong'aa pamebadilishwa. Kwenye picha ya yule bibi wa Newala, mashavu na mdomo viling'aa, na ukingo wa kanga uling'aa mstari mzima. Kipimo hiki kinakamata uongo mkubwa tu. Rudi kwenye mfano wa Obama uone kwa nini: picha inaweza kufaulu na bado ikawa ya mtu mwingine.

Kinachobaki ni uchanganyaji. Tabaka la akili mnemba naliweka juu ya skani na kulishusha Opacity hadi 30 au 40, kisha kwa barakoa ya tabaka nalifuta kabisa juu ya macho, mdomo, chale, baka na kila maandishi. Kwenye ukuta, pazia na udongo naliacha lifanye kazi. Vumbi na mikwaruzo ya usoni naiondoa kwa mkono, nukta kwa nukta, kwa brashi ya kuponya. Kazi ya saa mbili, na sijapata njia ya mkato ninayoiamini.

Kona iliyoraruka ni jambo jingine, na hapo Generative Fill ya Photoshop, inayojaza sehemu uliyochagua kwa akili mnemba, inafaa, mradi ujue kuna nini ndani ya kona. Chagua tundu lenyewe pamoja na ukingo mwembamba kuzunguka, usichague zaidi, kwa sababu chochote kilicho ndani ya uteuzi kinachorwa upya. Inakupa matoleo matatu kwenye tabaka la pekee. Kama kona ni sakafu ya saruji na matatu yote ni sakafu ya saruji, chukua moja uendelee. Kama mguu wa bibi uliishia hapo, nakuhakikishia utapata kandambili kwenye moja, viatu kwenye jingine na peku kwenye la tatu. Mwulize mama. Akisema hajui, jaza kona kwa rangi tupu ya karatasi au ikate, wala usimvishe marehemu viatu usivyovijua. Hivyo hivyo kwa kiganja, pete, kipini cha puani na mtoto aliyekatwa nusu pembeni.

Mwulize mama maswali haya kabla hajaonyeshwa toleo lolote jipya: bibi alikuwa na baka wapi, jicho lipi lilikuwa dogo, mwanya ulikuwepo? Yaandike. Kisha kaa naye mbele ya kompyuta, skani kushoto na kazi kulia. Ukichapa, acha ukanda mweupe chini ya picha na uandike humo humo: "Kona ya chini imejazwa kwa kompyuta." Maelezo yanayofichwa ndani ya faili hupotea picha ikitumwa WhatsApp, lakini ukanda husafiri na picha. Na lile toleo la kwanza, kama ulishalituma kwenye kundi la ukoo, lifute na utume skani, kwa sababu wajukuu wataanza kulihifadhi kwenye simu zao leo hii.

Yule kijana nilimrudishia fedha yake na kuifanya kazi upya kwa skani. Nikachapa sentimita 18 kwa 27, vumbi kidogo limebaki kwenye pazia, nembo zote zipo. Shangazi aliikalia kimya, kisha akasoma kanga kwa sauti hadi kwenye mkunjo, na herufi zilipoishia akamalizia mwenyewe: "mwenyeji apone." Mkunjo niliuacha kama ulivyokuwa.