Tangazo la kazi mpya nililoliandika mara mbili

Rasimu ya kwanza niliiandika usiku uleule niliotia sahihi mkataba: "Baada ya kuwashinda wengi, Mungu amenifuta machozi. Walionicheka watanyamaza. Asanteni nyote." Nikamsomea wifi yangu kabla ya kuituma kwenye kundi la mtaa wetu wa Langoni. Akauliza, "Hili tangazo la kazi au la vita?"

Nikafuta. Miezi saba bila kazi ilikuwa imenijaza maneno ambayo hayakuwahusu walionisaidia. Na ile "asanteni nyote" ndiyo iliyoniudhi zaidi nilipoisoma tena, kwa sababu humshukuru kila mtu na humkosa kila mtu. Aliyenisaidia anajua alichofanya, nami nikitaje hicho.

Ila kutaja nako kuna madhara yake. Kazi yangu ya mwanzo, miaka ya nyuma, nilimshukuru mjomba kwa jina, na kiasi alichonikopesha nikakiandika. Ijumaa ile ile, alipotoka msikitini, watu wawili walikuwa wakimngoja barazani wamkope. Hakunisema, lakini nilielewa.

Safari hii nikampigia kila mmoja kwanza. Mjomba akakubali, mradi nisiandike pesa. Jirani aliyenikalia na mtoto akakataa katakata: "Mwanangu, usinitaje jina, wataniletea watoto wa mtaa mzima!" Kijana aliyeniambia nafasi ipo anafanya kazi katika hoteli hiyo hiyo iliyoniajiri. Yeye sikumtaja hata kwa kitendo, maana watu wangesema ndiye aliyeniingiza, na neno hilo lingemfuata yeye kazini. Shukrani zake nilimpelekea kwa sauti, faraghani. Mwajiri wangu wa zamani naye nilimwambia siku moja kabla, asije akasikia gatini.

Nilichotuma hatimaye ni hiki:

"Assalaam alaykum. Jumatatu, in shaa Allah, naanza kazi ya karani wa stoo katika hoteli moja Shela. Namshukuru mjomba wangu aliyenipa nauli ya kwenda Malindi siku ya mahojiano, jirani aliyebaki na mwanangu siku mbili, na mwalimu wangu wa zamani aliyenirekebishia barua ya maombi mara tatu. Niombeeni dua."

Jina la hoteli nililiacha, kwa sababu ninayechukua nafasi yake alikuwa bado hajaondoka. Mshahara haumo, wala idadi ya tuliohojiwa. Wifi alitaka niongeze kwamba nilikuwa wa kwanza kwenye mtihani wa hesabu. Ni kweli nilikuwa wa kwanza, na nilitamani kweli kuliandika hilo! Lakini sentensi hiyo isingemshukuru mtu yeyote, nikaiacha.

Usiku mjomba akanitumia ujumbe wa sauti, anacheka: "Nimeona umesema nimekupa nauli. Mimi nilikukopesha."