Homa ya jioni baada ya sindano ya kaswende si mzio

Ukianza kazi kwenye chumba cha sindano, hili litakupata mapema. Kijana mwenye vipele viganjani na kwenye nyayo, kaswende ya hatua ya pili, alichomwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4 saa nne asubuhi, milioni 1.2 kila tako. Saa kumi jioni akarudi anatetemeka, kichwa kinamgonga, joto 38.8, na vipele vimekuwa vyekundu kuliko asubuhi. Mwenzetu mgeni akaandika kwenye kadi: "mzio wa penisilini". Nilimwomba akate maandishi yale mara moja, kwa sababu kadi ikishasema hivyo, kijana huyo anaweza kunyimwa penisilini hata siku atakayoihitaji kweli.

Angalia saa kwanza. Mzio mkali huja ndani ya dakika chache, ndiyo maana tunamkalisha mgonjwa nusu saa baada ya sindano: midomo kuvimba, kupumua kwa shida, mapele yanayowasha, presha kushuka. Huyo anahitaji adrenalini papo hapo. Kijana wetu alipumua vizuri, presha ilikuwa sawa, hakuwashwa, na saa sita zilikuwa zimepita. Hiyo ni Jarisch-Herxheimer: bakteria wanakufa kwa wingi na mwili unaupokea mzigo huo kwa homa. Tulimpa parasetamoli na maji ya kunywa, na asubuhi alikuwa mzima. Kwa kawaida huisha ndani ya saa 24.

Siku hizi namwambia mgonjwa kabla sijamchoma, hasa mwenye kaswende changa, maana ndiye anayepatwa zaidi. Mjamzito namwonya zaidi: homa hiyo inaweza kuleta uchungu, hivyo akihisi tumbo kukaza au mtoto kupunguza kucheza, arudi haraka. Lakini hiyo si sababu ya kumnyima dawa.

Ratiba yenyewe ni fupi. Hatua ya kwanza, ya pili, na kaswende iliyojificha lakini bado changa: dozi moja, basi. WHO inahesabu changa kuwa chini ya miaka 2. Miongozo mingine inasema mwaka 1, fuata wa kituo chako. Iliyojificha kwa muda mrefu, au usiyojua ilianza lini: dozi ileile mara tatu, kila wiki. Hapa ndipo wagonjwa wanapotupotea, kwani hawaumwi popote. Mjamzito asichelewe hata kidogo. Akiruka wiki, huenda mkaanza upya. Ikiwa imefika kwenye ubongo, macho au masikio, sindano ya tako haitoshi, mpe rufaa apate penisilini ya mshipa.

Na mkono wako: dawa hii ni nzito kama uji na huziba sindano nyembamba. Tumia geji 21 au nene zaidi, vuta kwanza uone kama damu inaingia, kisha sukuma polepole. Ikiingia kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo.