Kupata uzito wa kuning'iniza chini ya daraja linalodunda

"Wakuu, daraja letu la waenda kwa miguu la mita 36 linadunda watu wakipita. Fundi asema tuning'inize uzito kwa springi chini yake. Uzito huo twaupataje?"

Ndugu, nimelipitia hilo kwa daraja la urefu huohuo hapa Mombasa. Kwanza pima linadunda mara ngapi kwa sekunde. Hesabu ya ofisini ilitupa 2.05. Tukalaza simu katikati ya daraja, mtu akaruka mara moja akatulia, tukasoma 1.95: zege lilimwagwa nene kuliko mchoro. Binadamu hutembea karibu hatua 2 kwa sekunde, kwa hivyo kila hatua ilikuwa inalisukuma palepale.

Daraja letu lilikuwa na kilo 900 kwa kila mita. Likiwa limeegemea ncha mbili tu, unahesabu nusu ya uzito wake wote, kisha unachukua sehemu ndogo ya hiyo nusu. Tulianza na asilimia 2. Hapa M ni hiyo nusu, m ni uzito wa kuning'iniza, fd ni mdundo wa uzito huo kwenye springi zake, na k ni ugumu wa springi zote pamoja:

```
M  = 0.5 × 900 × 36 = 16200 kg
m  = 0.02 × M = 324 kg
fd = 1.95 / (1 + 0.02) = 1.91 Hz
k  = m × (2π × fd)² ≈ 46700 N/m
```

Springi zikibeba uzito huo zinyooke kama milimita 68. Pima kwa futi ya fundi. Zikinyooka pungufu, ni ngumu mno. Weka pia kifyonza mwendo cha mafuta, kama shokabzoba ya gari, chenye nguvu ya asilimia 8 hivi ya kiwango cha kuzuia mtikisiko kabisa. Bila hicho, uzito wenyewe utayumba bila kukoma.

Daraja likatulia, nasi tukafurahi mapema. Siku ya Idi likajaa watu, likaanza tena. Mtu mmoja kwa kila mita ya mraba, kwa upana wa mita 2, huongeza kama kilo 140 kwa mita, na mdundo ukashuka hadi 1.81. Uzito wetu ulikuwa umefungwa kwa daraja tupu, na uzito mdogo hausamehe tofauti kubwa hivyo.

Kwa hivyo nakushauri asilimia 5, yaani kilo 810. Lenga katikati ya tupu na kujaa, 1.88, ugawanye kwa 1.05 upate 1.79; springi zitanyooka kama milimita 78, na nguvu ya kifyonza iongezwe hadi asilimia 13 hivi. Mhandisi athibitishe kwanza kwamba boriti za katikati zinaubeba.

Achia nafasi juu na chini, maana uzito husogea mara kadhaa kuliko daraja lenyewe. Na chumvi ya bahari! Yetu ilikwama miezi kadhaa baadaye, reli zake zimeshika kutu. Tuligundua kwa jaribio lilelile la kuruka: mdundo ulichukua muda mrefu kufa, na grafu ya midundo kwenye simu ikaonyesha kilele kimoja badala ya viwili vilivyokuwako uzito ukifanya kazi. Sasa tunaruka hapo kila baada ya masika.