Usimpime mtoto vidole wala usimpachike cheo, mimi nilifanya vyote viwili

"Wakuu naomba ushauri. Dogo wangu ana miaka 5, anashinda anafungua fungua vitu, redio mbovu, rimoti, kufuli, kila kitu. Kuna jamaa wanapima alama za vidole wanakwambia mtoto ana kipaji cha kazi gani, bei 250,000. Nataka nijue mapema kama ni injinia nimjenge huko huko. Je, nilipie? Nimnunulie vitu gani vya kuanzia? Shule gani hapa Moro wanafundisha ufundi toka chini? Na mdogo wake wa miaka 3 naye nimpeleke?"

Mkuu usitoe hiyo hela. Hata advansi usitoe, hata ya kushikia nafasi, maana najua watakwambia nafasi zimebaki tatu, na mimi niliambiwa zimebaki tatu na kwenye foleni tulikuwa watu kama arobaini.

Mimi nililipa 300,000. Binti yangu alikuwa na miaka mitano na nusu, jamaa kavaa suti, ana projekta, anaongea taratibu kama padri, kamshika mtoto vidole kumi kimoja kimoja kwenye kimashine, baada ya wiki nikapewa ripoti kurasa 28 ina rangi rangi na laminesheni. Imeandikwa udaktari asilimia 87. Nikaiweka sebuleni pembeni ya picha ya harusi, usinicheke. Alama za vidole mtoto anazaliwa nazo, zinajichora akiwa tumboni na hazibadiliki mpaka anazeeka, na hakuna ushahidi wowote kwamba mikunjo ile inajua mtu atapenda nini. India ambako biashara hii imeshamiri, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilishasema wazi kwamba haina msingi wa kisayansi. Ila mimi ningeshtuka hata bila hao, kwa sababu yule jamaa aliniambia nimrudishe mtoto baada ya miaka miwili apimwe tena "kuona maendeleo". Maendeleo ya nini, si vidole ni vile vile! Na nilitikisa kichwa kabisa kukubali, mtu mzima na ndevu zangu.

Lakini hela ilikuwa hasara ndogo. Hasara kubwa niliifanya nyumbani mwenyewe, bure, kwa mikono yangu, na ndiyo naiona inakuja kwako kwenye hayo maneno "nimjenge huko huko".

Iko hivi. Binti yangu kipindi kile alikuwa na ugonjwa wa kufunga bendeji. Mama yake aliteguka mguu, ikabaki ile bendeji inayovutika, basi mtoto anafunga mdoli, anafungua, anafunga tena. Mimi nikaona mdoli na bendeji nikasema tayari, daktari huyu hapa, na ripoti ikaja kunithibitishia. Kitu ambacho sikuona, na kilikuwa mbele ya macho yangu kila siku, ni kwamba alikuwa anafunga pia mguu wa kiti, mwiko, chupa za maji, mpini wa jembe la bibi jirani, na paka mpaka paka akahama. Hakuna daktari anayetibu mwiko, wakuu. Hata siku moja hakuuliza mdoli anaumwa nini. Shida yake ilikuwa kile kitambaa kizunguke, kibane, kisiachie.

Mimi nikaenda Kariakoo nikanunua kikoti cheupe na stethoskopu ya plastiki. Nikaanza kumwita Dokta. Jamaa wa suti alishanipa maelekezo, "mpe motisha kila akionesha tabia ya fani yake", basi nikaweka utaratibu, akitaja viungo vitano vya mwili anapata 500, akimfunga mdoli vizuri anapata 200. Mwezi wa kwanza nilijiona baba bora Temeke nzima, mtoto anafunga bendeji kutwa. Mwezi wa pili akawa anafunga haraka haraka ovyo, halafu ananitazama usoni. Ile ya kunitazama usoni ndiyo ilitakiwa inishtue. Zamani alikuwa hata ukimwita kula hasikii, sasa kila raundi moja macho kwangu.

Siku nilivyoumbuka ni siku wajomba zake walipokuja Jumapili. Nikamwita mbele ya watu, "Dokta njoo umuoneshe mjomba moyo uko wapi." Akaja, akasimama, akauliza kwa sauti, "Baba, leo unanipa ngapi?" Sebule nzima kicheko, mjomba mmoja akasema huyu kweli daktari, kaanza na bili. Nikacheka na mimi, tumbo linachemka. Nikampa. Wiki kama mbili mbele nikasema sasa tuache mambo ya hela, tufanye kwa upendo tu. Aliacha na bendeji. Aliacha kabisa, mama yake akaja kuikuta nyuma ya kabati na kikoti kimekunjwa pamoja.

Baadaye mwalimu mmoja wa awali ndiye alinieleza kilichotokea, na alinieleza kwa jaribio la zamani kabisa, la mwaka 1973, lilifanyika kwenye shule ya watoto wadogo ya chuo kikuu cha Stanford kule Kalifonia. Walichukua watoto wa miaka mitatu mpaka mitano ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora na makapeni. Kundi moja wakaahidiwa kabisa kwamba ukichora unapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili wakachora tu, cheti wakapewa mwisho kama sapraizi. Kundi la tatu hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili makapeni yakawekwa tena mezani, hakuna anayeahidiwa chochote, na watafiti wanaangalia kwa kificho nani anayafuata. Wale walioahidiwa cheti walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Wale wa sapraizi hawakudhurika. Yaani kilichoharibu ni kuahidiwa kabla, mtoto anaanza kuona hiki ni kitu cha kufanya ukilipwa. Na angalia, hii ni kwa kitu ambacho mtoto ANAPENDA TAYARI. Hela ya kufua soksi mpe ukitaka, hakuna upendo wa soksi wa kuharibu pale.

Sasa mimi nililipa mpaka nikaua. Na cheo kikamalizia, kwa sababu ukishamwita Dokta, siku akitaka kucheza na udongo anajiona anakukosea.

Kilichotuokoa ni likizo, tulienda kwa bibi yake Rufiji. Bibi anasuka ukili wa mikeka, anakaa barazani na miyaa yake, haongei. Siku ya pili nakuta binti kakaa pembeni yake kashika miyaa minne, vidole vinahangaika, kidomo wazi. Kakaa pale toka chai mpaka mchana. Bibi hakumsifia hata mara moja. Kitu pekee nilichosikia ni "hapo umeruka, fumua", na mtoto anafumua, anaanza upya, hanuni. Mimi mtoto huyu akikosea bendeji nyumbani alikuwa analia. Nikavuta pumzi nianze "kumbe huyu mbunifu wa mitin-" mama watoto akanifinya hapa kwenye mbavu mpaka nikameza. Nilistahili.

Ndipo nikaunganisha. Bendeji, mwiko, paka, ukili: kuzungusha, kubana, kupitisha juu na chini. Yule mwalimu anasema wao wanaosomea watoto wadogo wanajua kabisa kwamba umri huu mtoto anashikwa na kitendo, kuna wa kubeba vitu huku na huku, kuna wa kufunika na kufungia, kuna wa kuzungusha, kuna wa kuunganisha, na kitendo hicho anakifanya kwa chochote kilichopo mkononi. Kazi ni sisi tunaibandika.

Kwa hiyo sheria yangu mimi ni moja, nimeilipia, chukua bure: TAJA KITENDO, USITAJE KAZI. Dogo wako wewe siyo injinia. Dogo wako anafungua. Na hata kufungua hujajua bado ni kufungua kwa namna gani. Chukua daftari la 500, wiki mbili, usimuulize kitu, andika tu jioni mistari miwili: alifungua nini, alianza mwenyewe au wewe ulikuwepo, na kilipofunguka alifanya nini. Hapo pa mwisho ndipo utamu ulipo. Kuna mtoto kikifunguka kazi imeisha, anakimbilia kingine, huyo anapenda ile hali ya kuachia. Kuna anayechungulia ndani na kuuliza. Kuna anayezipanga skrubu kubwa kwa ndogo na redio haijali kabisa. Kuna anayehangaika kukirudisha. Hao ni watoto wanne tofauti na wote baba zao watasema injinia.

Ukishaona, badilisha kitu, kitendo kibaki. Kama ni kufungua, mpe makopo na mifuniko ya saizi mbalimbali achanganye mwenyewe, kufuli mbili na funguo tano, maharage mabichi ya kubangua, chungwa la kumenya. Ukiona chungwa linamshika sawa na redio, basi haikuwa umeme. Ukiona anatupa vyote anarudi redioni, hapo umejua kitu, na bado usimwambie mtu, hasa wajomba. Akipoa mwezi mzima mwache, weka vitu sehemu anayofikia kaa kimya, wanarudi au hawarudi.

Na ukitaka kumsifia sema ulichoona tu, "leo umetoa skrubu zote nne". Usiseme injinia wangu. Najua ulimi utawasha.

Vitu vya kufungua, mafundi wa mtaani watakuuzia redio mbovu kwa bei ya soda. Kata waya wa umeme kabisa kabla hujampa, asije akachomeka. Tivii ya chogo hapana, hata ikikaa imezimwa ina kapasita zinazotunza umeme, na chaja na adapta usimpe kwa sababu hiyo hiyo. Na rimoti, toa betri wewe kwanza, hasa zile bapa za duara kama kidonge, mtoto akimeza zinaunguza koo ndani ya saa mbili tu, ukihisi kameza kimbia hospitali usisubiri dalili. Bisibisi nunua fupi ya mpini mnene, mkono wake unaishika vizuri.

Stethoskopu bado tunayo. Inafungia banda la kuku, na fundo kafunga yeye mwenyewe, mimi mpaka leo nikitaka kulifungua namwita.