Unapompumulisha mtoto mchanga kwa ambu, usimjaze hewa

Wanafunzi wa staji wanaokuja kwetu Bukavu hukamata ambu, ule mfuko unaofinywa kumpa mtoto hewa kupitia maski, kwa kiganja kizima. Mimi huwaambia watumie vidole viwili au vitatu. Wengi hudhani ninaogopa tu mapafu yasipasuke. Hilo lipo, ila kuna jambo jingine: hewa nyingi inaweza kumnyamazisha mtoto aliye tayari kupumua.

Ndani ya misuli laini ya koo la hewa na matawi yake kuna vipokezi vinavyohisi mvutano. Pafu likijaa, vipokezi hivyo hutuma ishara kupitia neva ya vagasi hadi kwenye shina la ubongo, na amri ya kuvuta hewa inakatwa. Kadiri pafu linavyobaki limetanuka, ndivyo muda wa kutoa hewa unavyorefuka. Watafiti Hering na Breuer walieleza jambo hili mwaka 1868, baada ya kuona kwamba mnyama aliyekatwa neva za vagasi huvuta pumzi ndefu, za polepole. Kwa mtu mzima aliyetulia, anayevuta kama mililita 500, breki hii haifanyi kazi kubwa. Huonekana pumzi ikizidi sana kiasi hicho. Kwa mtoto mchanga hufanya kazi hata katika pumzi za kawaida.

Sasa piga hesabu. Mtoto wa kilo 3 anahitaji takriban mililita 12 hadi 18 kwa pumzi moja. Ambu ndogo ya watoto wachanga hubeba zaidi ya mililita 200. Ukiifinya yote, hata kama maski inavujisha, umepita mbali.

Nakumbuka mtoto mmoja wa uzito huo. Mapigo ya moyo yalikuwa yamepanda hadi 130 kwa dakika, rangi nzuri, lakini hapumui, na mwanafunzi alizidi kufinya kwa nguvu. Kifua kilipanda juu, na kabla hakijashuka vizuri, pumzi nyingine ikaingia. Nikamwambia: "Dada, punguza mkono, ngojea kifua kishuke chote." Akapunguza na kasi pia. Haikupita muda mtoto akavuta mwenyewe, halafu akalia. Sitasema ni vagasi peke yake: kufinya kupita kiasi huondoa pia kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo inayousukuma ubongo uagize pumzi.

Kwa hiyo tazama kifua: kiinuke kidogo tu, kama cha mtoto aliyelala, kisha kishuke kabisa. Pumzi 40 hadi 60 kwa dakika zinatosha. Moyo ukipita 100 na kifua kinapanda vizuri, punguza nguvu na kasi kidogo kidogo huku ukiangalia kama anajaribu mwenyewe.

Lakini moyo ukiwa chini ya 100, usiache kufinya eti unamsubiri aanze. Huyo bado anahitaji hewa yako. Rekebisha maski na mkao wa kichwa, safisha mdomo kama kuna uchafu, na kama kifua bado hakipandi, hapo ndipo unaongeza nguvu.