Busta ya tetenasi: kinachopungua mwilini ni nini hasa

*"Wakuu, jana nimekanyaga msumari saiti, umeingia kisawasawa. Zahanati wanataka kunichoma tetenasi, wanasema ni busta. Nina miaka 34, na mama anayo kadi yangu ya kliniki, dozi tatu za utotoni zote zimeandikwa. Hii chanjo inaishaje mwilini? Mbona ya surua hatuambiwi turudie ukubwani? Au ni biashara tu?"*

Kachome leo, mkuu, halafu urudi usome. Mimi ni muuguzi, nimekaa chumba cha chanjo miaka mingi, na swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko yote pale dirishani.

Kwanza tuelewane kwenye hilo neno busta. Watu wengi wanadhani ni dawa nyingine, kali zaidi. Kichupa ni kilekile, nusu mililita ileile, sindano ileile ya begani. Tofauti iko kwa anayechomwa. Ukimchoma mtu ambaye mwili wake haujawahi kuiona chanjo hiyo, hiyo ni dozi ya kwanza, na itamchukua wiki kadhaa kupata kinga ya kueleweka, tena ndogo. Ukimchoma aliyekwisha kufundishwa zamani, mwili wake unakumbuka, na ndani ya siku chache kinga inapanda kupita ilikokuwa mwanzo. Hiyo ndiyo busta.

Sasa kuhusu kuisha. Chanjo yenyewe haikai mwilini kabisa. Ya tetenasi ni sumu ya bakteria wa pepopunda iliyouliwa makali yake kwa fomalini, na mwili unaisafisha mapema tu. Kinachobaki ni kazi iliyofanywa na mwili wako, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kingamwili, yaani zile chembechembe zinazoelea kwenye damu na kuing'ang'ania sumu kabla haijadhuru. Ya pili ni seli za kumbukumbu, ambazo zimelala tu, zinangoja adui arudi ndipo ziamke na kuzaliana.

Kingamwili moja moja haina maisha marefu. Ukizihesabu leo, baada ya wiki tatu hivi nusu yake zitakuwa zimekwisha. Zinaonekana kudumu miaka kwa sababu kuna seli zimejichimbia kwenye uboho wa mifupa zinazitengeneza usiku na mchana. Seli hizo zikiwa nyingi na imara, akiba haishuki. Zikiwa chache, au zikifa moja baada ya nyingine, akiba inateremka taratibu, na wewe mwenyewe husikii chochote. Huumwi wala hudhoofiki.

Kasi ya kuteremka inatofautiana mno kati ya chanjo na chanjo. Mwaka 2007 watafiti wa jimbo la Oregon, Marekani, walichapisha vipimo vya damu za watu wazima 45, baadhi yao wakiwa wamefuatiliwa hadi miaka 26. Kingamwili za tetenasi zilipungua nusu kila baada ya miaka 11 hivi. Za surua hazikushuka kwa kiasi cha kujali, ukipiga hesabu unapata nusu yake baada ya muda mrefu kuliko uhai wa mtu. Chukua mfano wa mtu aliyemaliza dozi zote za utu uzima akafikia kiwango cha 1.6. Baada ya miaka 11 anabaki na 0.8, baada ya 22 anabaki na 0.4, baada ya 33 anabaki na 0.2. Mstari ambao maabara nyingi huuhesabu kuwa salama ni 0.1, kwa hiyo huyo bado yuko vizuri. Wewe hukuanzia 1.6. Ulipata dozi tatu ukiwa kichanga, zikaishia hapo, na watoto wa namna hiyo wengi hushuka chini hata kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Kwa nini surua inadumu hivyo? Chanjo yake ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Kikishaingia kinazaliana kidogo kwa siku kadhaa, mwili unadhani umevamiwa kweli na unajenga seli nyingi za uboho. Ya tetenasi imekufa. Inakaa pale begani pamoja na chumvi ya alumini iliyowekwa makusudi ili iamshe kinga, mwili unaiona mara moja, unajifunza kiasi chake, basi. Ndiyo maana tunairudia. Na ile dozi ya pili ya surua ya miezi 18 si busta, ingawa hata baadhi ya wenzangu huiita hivyo. Ukiwachanja watoto 100 wakiwa na miezi tisa, 15 hivi hawashiki kinga, mara nyingi kwa sababu kingamwili walizorithi kwa mama bado zipo na zinakiua kirusi cha chanjo kabla hakijafanya kazi. Dozi ya pili ni ya kuwadaka hao waliochanjwa lakini mwili haukufundishika.

Kushuka kwa kingamwili peke yake hakusemi kwamba umebaki uchi. Inategemea adui ana haraka kiasi gani. Mimi mwenyewe nilichanjwa homa ya ini B, dozi tatu, nikapimwa nikawa vizuri. Miaka kadhaa baadaye nikajichoma na sindano iliyotumika, nikapimwa tena, kiwango kimeshuka chini ya 10, ambao ndio mstari wa usalama wa chanjo hiyo. Nilitetemeka. Nikapewa dozi moja, na mwezi uliofuata kipimo kikapanda hadi mamia. Mwili haujajifunza upya kwa dozi moja namna ile, ulikuwa unakumbuka. Na hata bila ile dozi ningekuwa na nafasi kubwa ya kuwa salama, kwa sababu kirusi cha homa ya ini B kinachukua miezi miwili mitatu kuleta ugonjwa, wakati seli za kumbukumbu zinahitaji siku chache tu kuamka.

Pepopunda haikupi hizo siku. Vijidudu vyake viko kwenye udongo, kwenye samadi, na vinaingia na msumari kama huo wako. Kule ndani ambako hewa haifiki vinaamka na kumwaga sumu. Sumu ikishaingia kwenye mshipa wa fahamu haitolewi tena, si kwa chanjo wala kwa kingamwili. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, mara nyingi kama wiki moja. Kwa hiyo seli za kumbukumbu na sumu zinakimbizana, na hatutaki kubahatisha nani atashinda. Kwa tetenasi kingamwili lazima ziwe tayari kwenye damu siku unapokanyaga, au busta ya kuzipandisha ichomwe siku hiyohiyo. Ndiyo sababu nimekuambia nenda leo, usingoje kidonda kivimbe.

Nikiwa mwanafunzi tulimlaza mkulima mmoja aliyechomwa na mwiba shambani, kidonda chenyewe kilikwishapona hata hakionekani. Alianza kwa kushindwa kufungua mdomo, akadhani ni jino. Siku ya pili mgongo ulikuwa umepinda kama upinde. Tulifunga mapazia na kuvua viatu wodini, maana mtu akigonga mlango tu anakakamaa upya, na akili zake ziko timamu muda wote, anasikia kila kitu. Alipona baada ya wiki nyingi. Siku anaruhusiwa, sista mkuu akaniamuru nimchome tetenasi. Nikashangaa: huyu si ameugua, si ana kinga? Sista akacheka. Sumu inayotosha kumuua mtu ni kidogo mno kiasi kwamba mwili hauioni wala haujifunzi chochote. Kuugua pepopunda hakukupi kinga, unaweza kuugua tena. Na kwa kuwa haiambukizwi mtu kwa mtu, jirani yako kuchanjwa hakukusaidii wewe kitu.

Hapa ndipo wanaume tunapoachwa. Mama mjamzito anafika kliniki, anachomwa, ujauzito mwingine anachomwa tena, hadi anafikisha dozi tano: ya pili wiki nne baada ya ya kwanza, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka au ujauzito unaofuata. Kuna sababu ya hiyo mipishano. Baada ya sindano, seli huchujwa kwenye tezi kwa miezi, zinazoshika sumu vizuri zinabaki na legelege zinakufa. Ukichoma tena mapema mno unaziamsha ambazo bado hazijachujwa. Dozi ya tatu inakupa kama miaka mitano, ya nne kumi, ya tano miaka 20 na zaidi. Mwanaume hana kliniki ya namna hiyo, anakutana na chanjo siku ya msumari.

Kuzidisha nako kuna shida yake. Nilipoanza kazi alikuja mama wa ujauzito wa nne, kadi zote zimepotea, nikaandika "ya kwanza" na kuchoma. Kesho yake amerudi mkono umevimba kutoka bega hadi kiwiko, wa moto, ananung'unika, na haki yake. Nikamhoji vizuri: alikwishachomwa si chini ya mara sita, ya mwisho mwaka uliotangulia. Kingamwili zilikuwa tele, zikaikuta chanjo palepale begani zikapigana nayo. Ulipoa wenyewe baada ya siku chache, lakini tangu hapo naanza na kadi, na kama haipo nauliza kila mimba moja moja. Kwa hiyo ukijikata wembe safi jikoni na ulichomwa miaka mitatu iliyopita, huna haja. Kidonda safi tunahesabu miaka 10, kichafu au cha kuchomeka kama chako miaka mitano.

Kwa upande wako, nenda na hiyo kadi ya mama. Ni ya thamani kuliko unavyodhani, kwa sababu bila ushahidi wa dozi tatu na kwa kidonda kichafu namna hiyo, chanjo peke yake isingetosha. Ungehitaji pia sindano ya kingamwili zilizotengenezwa tayari, nayo ni ghali na si kila kituo kinayo. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni, kipande cha kiatu au kutu kikiwemo kitolewe, na kisishonwe kufungwa juu. Leo unapata dozi moja, nyingine baada ya wiki nne au zaidi, na ya tatu baada ya mwaka. Mwombe muuguzi akuandikie tarehe zote kwenye kadi, kisha uipige picha kwenye simu. Taya likianza kukaza au kumeza kukawa shida ndani ya wiki tatu hizi, usipite tena zahanati, nenda hospitali ya wilaya moja kwa moja.